Rivyu kali mtandaoni: ni lini inaweza kumfikisha mwandishi kortini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wateja nchini Kenya

Majibu haya yanahusu Kenya. Tanzania imeguswa kidogo tu, kwa sababu huko mambo ni tofauti, na tofauti yenyewe inaweza kukugharimu. Tutatembea na mfano mmoja wa kochi tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano huo ni wa kubuni, lakini aliyewahi kuagiza kochi kwa fundi atautambua.

Je, naweza kushtakiwa kwa kuandika tu kwamba huduma ilikuwa mbaya?

Kushtakiwa mtu anaweza kwa lolote. Kumpeleka mwenzako kortini hakuhitaji ruhusa. Swali la maana ni kama atashinda. Ukisema chakula kilikuwa kibaya, fundi alikuwa na maringo, au hutarudi tena dukani hapo, ni vigumu sana kushindwa kesi. Hata ukali wenyewe hauna shida. "Ovyo", "takataka", "bora ningekaa sakafuni" ni maneno makali, lakini msomaji anaelewa kuwa ni hasira za mteja na maoni yake.

Hatari huanza pale rivyu inapoacha kueleza kilichokupata na kuanza kusema mwenye biashara ni mtu wa aina gani, hasa ikimpa jina la kosa la jinai. Mwizi. Tapeli. Mla hongo. Muuza bidhaa bandia. Hapo umetoka kwenye kochi, umeingia kwenye sifa ya mtu, na sifa ya mtu ina sheria yake: Sheria ya Kashfa, Sura ya 36. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kujieleza na papo hapo inakutaka uheshimu haki na sifa za wengine.

Kampuni nayo ina sifa ya kibiashara na inaweza kudai. Wengi hudhani ni binadamu tu anayeweza kuchafuliwa jina. Sivyo.

Nionyesheni basi. Rivyu hatari inafananaje?

Tuseme mama mmoja wa Nairobi ameagiza kochi la watu saba kwa shilingi 85,000. Alilipa 60,000 kwa M-Pesa siku ya kuagiza, akamalizia 25,000 kochi lilipofika. Kwenye risiti fundi aliandika kwa mkono: "7 seater, mahogany, 3 weeks." Kochi lilikuja wiki ya tisa, na siku ya pili mguu wa nyuma ukang'oka. Alipouchungulia akaona mbao nyeupe ndani ya rangi ya kahawia. Akapiga simu, hazikupokelewa. Usiku, saa tano, akaingia mtandaoni na kuandika hivi:

"Msinunue hapa!! Nimelipa 85,000 nikaahidiwa wiki tatu, kochi limekuja wiki ya tisa. Mguu umeng'oka siku ya pili. Mbao ni saipresi iliyopakwa rangi, si mahogani. Huduma ni ovyo, mwenye duka ana kiburi cha ajabu. Hawa ni wezi. Wametapeli watu wengi na wanahonga watu wa kaunti ndiyo maana hawafungiwi."

Tuichukue sentensi baada ya sentensi, maana wakili wa duka ataisoma hivyo hivyo.

Bei, wiki tisa na mguu ni mambo yaliyotokea, na mama ana ujumbe wa M-Pesa, risiti na picha. Hapo hana wasiwasi.

"Mbao ni saipresi" nalo ni dai la ukweli, ila hili ni la kitaalamu. Amejuaje? Kama ni kwa kuona weupe wa mbao tu, yuko kwenye ardhi laini, kwa sababu zipo mbao nyingi nyeupe, na fundi anaweza kusema fremu ya ndani huwa haitengenezwi kwa mahogani hata kidogo na kila fundi anajua. Seremala mwingine akiutazama mguu ule na kuandika mistari miwili yenye saini yake, hali inabadilika. Bila hayo, afadhali aandike alichokiona: "nimeahidiwa mahogani, ila mguu ulipong'oka nimeona mbao nyeupe ndani."

"Ovyo" na "kiburi cha ajabu" ni maoni. Yanauma, lakini ni maoni, na juu yake pameelezwa mambo yaliyoyazaa.

"Hawa ni wezi." Hapa ndipo penye mzigo, na tutaparudia.

"Wametapeli watu wengi." Watu gani? Mama anajua kochi lake peke yake. Pengine alisoma komenti mbili za wengine. Sasa amejitwisha kuthibitisha mambo ya watu asiowajua, ambao siku ya kesi hawatapokea simu.

"Wanahonga watu wa kaunti." Hili hana hata chembe ya ushahidi nalo. Limetoka kwenye hasira na kwenye desturi yetu ya kudhani kwamba kila kinachoendelea vibaya kimelindwa na mtu. Ndiyo sentensi mbaya kuliko zote katika rivyu hii, na haina uhusiano wowote na kochi.

Yaani sehemu kubwa ya rivyu ni salama. Maneno yasiyozidi kumi na tano ya mwisho ndiyo yanayoweza kumfilisi.

Kwa nini neno "mwizi" linaogopwa hivyo? Si watu wote hulitumia?

Hulitumia, ndiyo. Mtaani "mwizi" ni hata makanga aliyekurudishia chenji pungufu kwa shilingi kumi. Lakini Sheria ya Kashfa ina kifungu cha 16A ambacho wananchi wachache wamekisikia. Kinasema kwamba korti itakadiria fidia kwa kadiri inavyoona ni haki, isipokuwa pale kashfa iliyoandikwa inapomhusisha mtu na kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu. Hapo fidia isipungue shilingi 400,000. Kosa likiwa la adhabu ya kifo, isipungue milioni moja.

Sasa fungua Kanuni ya Adhabu. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275: miaka mitatu. Kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313, ambacho ndicho utapeli wenyewe: miaka mitatu. Hongo, kwa Sheria ya Hongo ya 2016, inaweza kufika miaka kumi. Wakili wa duka akiisoma rivyu ya mama yetu ataona hapo maneno matatu ambayo kila moja linamfungulia mlango wa 16A, na ataandika dai lake akianzia 400,000 kwenda juu, zikifuatwa na gharama za kesi. Kochi lilikuwa la 85,000.

Utasema "mwizi" lilikuwa tusi tu. Sheria inajua kuna matusi matupu ambayo hakuna mtu mwenye akili anayeyachukua kama tuhuma, na utetezi huo upo. Tatizo ni kwamba husimama vizuri zaidi kwa maneno yaliyoropokwa kwenye ugomvi, mate yakiruka. Maandishi yaliyokaa mtandaoni miezi minne, chini ya picha ya duka, hayafanani sana na kuropoka. Na kinachoangaliwa si ulichokusudia wewe, bali kile ambacho msomaji wa kawaida angekielewa. "Wezi" kando ya "wametapeli watu wengi" yanaeleweka kama wezi wa kweli.

Kiswahili chenyewe hakikupi kinga. Mdai anatakiwa kuyaweka maneno kwenye hati yake ya madai kama yalivyoandikwa, na tafsiri kando. "Wakora" litatafsiriwa, na usitarajie litatafsiriwa kwa upole.

Lakini niliyoandika ni kweli! Ukweli si unanikinga?

Unakukinga kabisa, ukiweza kuuthibitisha. Watu huangukia hapa kwa sababu wanafikiri duka ndilo litakalothibitisha kuwa rivyu ni ya uongo. Utetezi wa ukweli ni wako, na mzigo wake ni wako. Lazima uueleze kwa kina kwenye utetezi: tarehe, kiasi, nani alisema nini. Kisha ulete ushahidi.

Sheria inakusaidia kidogo. Kifungu cha 14 kinasema usipothibitisha kila tuhuma, utetezi hauanguki kwa sababu hiyo pekee, mradi ulichoshindwa kukithibitisha hakimwongezei mdai madhara ya maana juu ya yale uliyoyathibitisha. Kwa mama wa kochi: akisema wiki tisa kumbe zilikuwa nane na siku nne, hakuna wa kumsumbua. Lakini kuthibitisha mguu uling'oka hakuwezi kuibeba hongo. Madhara ya hongo ni mapya kabisa.

Kuhusu ushahidi, simu yako ndiyo sanduku la vielelezo. Usifute ujumbe wa M-Pesa, usifute mazungumzo ya WhatsApp na fundi, usibadilishe simu bila kuhamisha hivyo vyote. Picha za skrini ukizichapisha na kuzipeleka kortini zinahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: maelezo yenye saini yanayosema picha zilitolewa kwa simu ipi, zikachapishwa kwa mashine ipi, na kwamba vifaa vilikuwa vikifanya kazi sawasawa. Ni karatasi ya dakika ishirini, na wapo waliofika mbele ya hakimu na bahasha nzima ya picha wakaambiwa hazipokelewi kwa kuikosa. Duka nalo litahitaji cheti hicho hicho kwa picha ya rivyu yako, na mawakili wa upande wa utetezi hupenda sana kukiulizia.

Nikianza na "kwa maoni yangu", si nimejikinga?

Hapana. "Kwa maoni yangu huyu ni mwizi" bado ni tuhuma ya wizi, imevalishwa kanzu tu. "Nasikia", "inasemekana" na alama ya kuuliza mwishoni hazisaidii. Aliyerudia uvumi anahesabiwa kama amesema mwenyewe.

Maoni yanalindwa na sheria (utetezi wa maoni ya haki, kifungu cha 15), ila yana masharti. Yawe juu ya jambo linalowahusu watu wote, na huduma inayouzwa kwa kila mtu ni jambo la namna hiyo. Yaonekane ni maoni. Yajengwe juu ya mambo ya kweli ambayo msomaji anayaona au ameelezwa. Na yasiwe na chuki ya makusudi. Kwa hiyo namna ya kuandika ni kueleza kwanza kilichotokea, halafu ukahukumu. "Wiki tisa badala ya tatu, na simu hazipokelewi. Kwangu hii ni dharau kwa mteja." Neno "dharau" hapo linabebwa na sentensi iliyotangulia. Ukiandika "dharau" peke yake bado ni maoni. Ukiandika "wezi" baada ya wiki tisa, wiki tisa haziwezi kulibeba: kuchelewa si kuiba.

Chuki ya makusudi huonekana kwa vitendo. Akaunti sita zilizofunguliwa wiki moja zote zikitoa nyota moja. Rivyu ya mtu ambaye hajawahi kununua hapo. Mwenye kibanda cha jirani kujifanya mteja. Ukishikwa na moja ya hayo, maoni yako ya haki yamekufa hata kama mengine yote uliyosema yalikuwa sawa.

Sikutaja jina la duka. Nimesema tu "wale wa makochi pale mkabala na kituo cha mafuta".

Basi umelitaja. Kinachohitajika ni watu wanaolijua kulitambua, na kama kwenye komenti mtu ameandika "ni wale wenye banda la bluu, eh?" na wewe ukampa kidole gumba, umemaliza kazi mwenyewe.

Tofauti ni kusema juu ya kundi kubwa. "Mafundi wa makochi Nairobi ni waongo" haimpi fundi hata mmoja kesi, kwa kuwa ni wengi mno na hakuna aliyeelekezewa kidole. Kundi likiwa la watu wanne, kila mmoja anaweza kusema ni yeye.

Niliandika kwenye grupu la WhatsApp la watu wachache. Hiyo nayo ni kuchapisha?

Ndiyo. Mtu mmoja wa tatu akisoma inatosha kwa dai. Idadi ya wasomaji inaongeza au kupunguza fidia. Ukimwandikia mwenye duka peke yake, hapo hujachapisha, na unaweza kumwambia makali yako yote, bila vitisho.

Kusambaza rivyu ya mwingine ni kuchapisha upya. Kuna watu ambao hawajawahi hata kuliona kochi lenyewe, lakini walichukua picha ya skrini, wakaandika "wezi hawa!" juu yake na kuituma kwenye magrupu matano. Hao wako pabaya kuliko mama mwenyewe, kwa sababu yeye angalau ana risiti.

Kuna mahali pamoja ambapo unaruhusiwa kusema tuhuma nzito ukiwa na kinga ya kiasi: kwa mwenye wajibu wa kuzishughulikia. Ukiandikia shirika la viwango, KEBS, kwamba unashuku bidhaa ni bandia, au afya ya umma ya kaunti kwamba mkahawa umekulisha nyama iliyooza, mawasiliano hayo yana kinga mradi unaamini unachosema na huna nia mbaya. Kinga hiyo hukaa ndani ya barua. Ukiipiga picha barua na kuibandika Facebook umeiacha nyuma.

Je, polisi wanaweza kunikamata kwa rivyu?

Kumchafulia mtu jina kulikuwa kosa la jinai Kenya, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu ilikibatilisha tarehe 6 Februari 2017. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2016, ilikuwa imekibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, ambacho kilikuwa kikitumika kuwakamata walioandika vibaya mtandaoni. Tangu hapo kashfa ni ugomvi wa madai kati ya watu wawili, na ofisa akikuita kituoni "kwa kuchafua jina" uliza kwa adabu ni kosa la kifungu gani.

Mara nyingi atakutajia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kifungu cha 22 na cha 23, vinavyohusu kuchapisha habari za uongo, vimekuwa vikipingwa mahakamani tangu mwaka huo huo sheria ilipotungwa, kwa hiyo jambo la kwanza la kumuuliza wakili ni kama vinasimama siku hiyo. Kifungu cha 27 ni kingine: kinahusu kumwandama mtu mtandaoni, na adhabu yake inafika shilingi milioni 20 au miaka kumi. Rivyu moja haifiki huko. Kumtumia mwenye duka jumbe arobaini usiku na kubandika picha ya watoto wake kunaweza kufika.

Nje ya Kenya usichukulie ni hivyo hivyo. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamtisha anayechapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Na Naijeria mwaka 2023 mwanamke alikamatwa baada ya kuandika Facebook kwamba nyanya ya kopo aliyoinunua ina sukari kupita kiasi, huku kampuni ikimdai naira bilioni 5. Kwa rivyu ya nyanya.

Duka linaweza kuomba korti iniamuru nifute mara moja?

Linaweza kuomba, ila korti za Kenya huwa nzito sana kumziba mtu mdomo kabla kesi haijasikilizwa, hasa akisema yuko tayari kuthibitisha ukweli. Amri hutolewa pale maneno yanapoonekana wazi kuwa ni kashfa isiyo na utetezi. Mitandao yenyewe ina taratibu zake za kuondoa rivyu, na hizo hazisubiri hakimu.

Nimepata barua ya wakili. Nifanyeje?

Barua ya kwanza huitwa barua ya dai. Itataka ufute, uombe radhi hadharani, ukubali kulipa, mara nyingi ndani ya siku saba. Siku saba hizo amejipangia wakili mwenyewe. Si za korti. Lakini usiidharau, na usiibandike mtandaoni na emoji za kucheka. Kila unachoandika baada ya barua kinasomwa kama ushahidi wa nia yako.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha rivyu nzima pamoja na tarehe, komenti na idadi ya waliosoma. Halafu ipitie kama tulivyopitia ya kochi. Sentensi usizoweza kuzithibitisha, ziondoe. Ulizo na risiti yake, ziache. Kuondoa "wezi", "wametapeli watu wengi" na "wanahonga" na kuandika "nimeondoa maneno niliyoyaandika kwa hasira na ambayo sina ushahidi wake, mengine yanabaki" hakukufuti makosa yako, lakini korti ikifika kwenye fidia huangalia kama mtu aliomba radhi, mapema au kwa shingo upande, na kama aliendelea kurudia.

Tazama kalenda. Kwa kifungu cha 4(2) cha sheria ya muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, dai la kashfa haliwezi kufunguliwa baada ya miezi 12. Rivyu ya Machi mwaka juzi ikiletewa dai leo, hilo ni jambo la kwanza la kumwambia wakili. Ila ukiwa umeibandika upya wiki iliyopita, umewapa mwaka mwingine.

Ukiletewa hati ya wito, hapo siku ni za kweli. Hati itasema una siku ngapi za kujisajili kortini, kwa kawaida 15, na kuanzia hapo una siku 14 za kuwasilisha utetezi. Wanaonyamaza hushindwa bila kusikilizwa, kinachobaki kikiwa ni hakimu kukadiria kiasi. Wanaojibu wana nafasi kuliko wanavyodhani. Mdai hana budi kuonyesha kwamba watu wengine walisoma na heshima yake ikashuka machoni pao, na korti hutaka kumsikia mtu mwingine akisema hivyo. Mwenye duka kusema tu "niliumia" mara nyingi hakutoshi.

Naweza kumwambia fundi "nirudishie pesa yangu nitafuta rivyu"?

Kudai pesa yako ni haki yako, na kuahidi kuandika kwamba umerudishiwa ni sawa. Usizidishe kiasi. "Nipe laki mbili au nakuandika kila mahali" kwa kochi la 85,000 kunanuka kudai mali kwa vitisho, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na utakuwa umempa fundi kesi nzuri kuliko yako.

Njia iliyonyooka zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa imalize ndani ya siku 60, na unaweza kwenda bila wakili. Na kuna jambo linalonifurahisha katika sheria yake ya 2016: kesi za kashfa hazipokelewi humo. Mama anaweza kumpeleka fundi kwa kochi, ilhali fundi hawezi kumpeleka mama hapo kwa rivyu. Itambidi aende korti ya kawaida, alipe wakili, na asubiri.

Basi mama wa kochi angeandikaje?

Kwanza angelala, akaandika asubuhi. Angefunika nambari za simu na majina kwenye picha ya M-Pesa, maana mhudumu aliyepokea pesa hakukosa lolote na taarifa zake zina sheria yake. Kisha:

"Tarehe 4 Machi niliagiza kochi la watu saba hapa, 85,000. Risiti inasema mahogani na wiki tatu (picha ya 1). Lilifika tarehe 6 Mei, wiki ya tisa. Tarehe 7 mguu wa nyuma uling'oka nikiwa nimekaa na mtoto. Ndani mbao ni nyeupe (picha ya 2 na ya 3). Nimepiga simu mara sita tangu hapo, hazijapokelewa. Huduma mbovu kuliko zote nilizowahi kulipia, na kwangu mimi hili si kochi la mahogani la 85,000. Sirudi. Wakinitengenezea nitaandika hapa hapa."